Mafuta ya Kukaangia Yamechoka? Dalili za Kuyamwaga, na Hesabu Yake kwa Wauza Sambusa wa Oda

Wapishi wa oda, leo tunazama kwenye karai. Wewe unayeweka picha ya sambusa, bagia au kuku kwenye stetasi ya WhatsApp, unapokea oda, unakaanga na kumkabidhi bodaboda, hii ni yako.

Mteja wa kibandani anakula chakula kikiwa cha moto. Chakula cha moto kinaficha mengi. Mteja wako wa mtandaoni anakipokea baada ya nusu saa au saa nzima, kimefungwa kwenye boksi, kimeanza kupoa. Akifungua tu, cha kwanza kinachomfikia ni harufu. Kama mafuta yalikuwa yamechoka, harufu ile nzito ya mafuta makuukuu inatoka yote kwa mkupuo, na sambusa iliyong'aa kwenye picha inaacha dimbwi chini ya boksi. Wengi hawalalamiki. Hawaagizi tena, basi.

Tatizo ni kwamba mafuta ni ghali, na kumwaga lita mbili au tatu kunauma. Kwa hiyo twende polepole: mafuta yanachokaje, utajuaje yamefika mwisho, na je, kuyang'ang'ania kunakuokolea shilingi ngapi hasa? Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, sambusa 100 kwa siku, ili ufanye hesabu yako kwa bei za kwako.

MAFUTA YANACHOKAJE?

Mafuta yakikaa kwenye moto yanashambuliwa na vitu vitatu kwa pamoja: maji, hewa na joto.

Maji yanatoka kwenye chakula chenyewe. Ile sauti ya "shwaaa" unapotumbukiza sambusa ni maji yanageuka mvuke. Mvuke huo unapopita kwenye mafuta ya moto unayavunja kidogo kidogo. Vipande vinavyobaki vinaungua kwa joto dogo kuliko mafuta mazima, ndiyo maana mafuta ya zamani yanawahi kutoa moshi.

Hewa inaingia kwa juu, pale mafuta yanapogusana nayo. Karai pana lenye mafuta kidogo linakula hewa nyingi kuliko sufuria nyembamba yenye kina. Kazi ya hewa ni kuyachachisha mafuta, na hapo ndipo harufu inapoanzia.

Joto nalo linayaunganisha yale yaliyovunjika, yanakuwa mazito. Ule utando wa kahawia unaonata pembeni mwa karai, ambao hata ukisugua kwa steelwaya hautoki kirahisi, ni mafuta yaliyoungana mpaka yakawa kama gundi. Ukiuona unaongezeka, ujue na ndani ya mafuta yaliyobaki kitu hichohicho kinaendelea.

Juu ya hayo matatu kuna makombo: unga uliobaki kwenye manda, chembe za bagia, vipande vya kitunguu vilivyochomoka kwenye sambusa iliyofunguka. Vinazama chini, vinaungua, vinatia rangi na uchungu, na vinaharakisha kuchoka kwa mafuta.

Sasa kuna jambo ambalo linawachanganya wengi. Mafuta mapya kabisa siyo yanayokaanga vizuri kuliko yote. Umeshaona sambusa za kwanza kwenye mafuta mapya zinavyochelewa kupata rangi? Baada ya kukaanga mara moja au mbili, mafuta yanashikana na chakula vizuri zaidi, rangi inakuja ya dhahabu na juu panakauka. Hapo ndipo watu wanasema "mafuta yamezoea", na wako sahihi. Shida ni kwamba baada ya hapo njia ni ya kuteremka tu: yanashikana na chakula kupita kiasi, nje inaiva haraka na ndani bado, na mafuta yanaingia mpaka katikati. Kwa hiyo usiseme "si juzi tu yalikuwa matamu". Ni kweli juzi yalikuwa matamu. Leo ni leo.

RANGI PEKE YAKE INADANGANYA

Watu wengi wanaangalia rangi: yakiwa meusi wanamwaga, yakiwa bado mekundumekundu wanaendelea. Rangi ni dalili, ndiyo, ila usiipe kazi yote peke yake.

Ukikaanga kuku uliyempaka manjano au rangi ya kukaangia, mafuta yanabadilika rangi siku ya kwanza hata kama bado ni mazima. Ukikaanga viazi vitupu, mafuta yanaweza kuonekana safi huku yamekaa kwenye moto saa nyingi na yamechoka hasa. Na mwanga wa jikoni unadanganya pia. Mafuta ndani ya karai jeusi yote yanaonekana meusi.

Fanya hivi. Tafuta chupa mbili ndogo za kioo, zinazofanana, zenye kifuniko. Siku unapofungua mafuta mapya, jaza moja na uiweke kabatini. Kila ukimaliza kukaanga na mafuta yakapoa, weka kidogo kwenye chupa ya pili, ziweke pamoja mbele ya karatasi nyeupe dirishani. Utaona rangi inavyotembea siku hadi siku. Halafu zifungue na unuse moja baada ya nyingine. Pua iliyokaa jikoni kutwa nzima inazoea harufu mbaya; ukiwa na mafuta mapya ya kulinganisha, hailaghaiki. Mwisho ziinamishe zote mbili: mafuta mapya yanateremka kwenye kioo haraka, yaliyochoka yanateremka kwa uvivu na kuacha utando.

POVU: LIPI LA KAWAIDA, LIPI LA HATARI

Kila chakula chenye maji kikiingia kwenye mafuta kinatoa mapovu. Hayo ni ya kawaida. Ni makubwa, yanaonekana wazi kama kioo, yanapasuka haraka, na yanapungua kadiri sambusa inavyokauka. Ukitoa sambusa zote, juu ya mafuta panatulia.

Povu la mafuta yaliyochoka ni tofauti. Ni dogodogo, lina weupe au umanjano kama la sabuni, linatanda juu yote na kupanda kwenye kuta za karai. Na kubwa kuliko yote: umeshatoa chakula, lakini povu bado lipo. Likifika hapo, siku za hayo mafuta zimekwisha. Ni hatari pia, maana povu linalopanda linaweza kumwagika kwenye moto.

Kabla hujamwaga lakini, hakikisha povu halina sababu nyingine. Sababu tatu zinajitokeza sana.

Ya kwanza ni mafuta ya alizeti ya kukamua, yale yanayouzwa kwenye madumu kutoka viwanda vidogo vya Singida na Dodoma. Kama hayajasafishwa kiwandani yanabaki na utomvu wa mbegu, na yanatoa povu na kupata rangi hata yakiwa mapya kabisa. Pia yanawahi kutoa moshi. Ni mafuta mazuri kwa kuungia mboga, ila kwa karai la kukaangia kwa kuzamisha yanasumbua.

Ya pili ni sabuni. Ukiosha karai kwa sabuni halafu usilisuuze vya kutosha, povu utaliona hata ukimimina mafuta ya leo. Suuza vizuri, kisha likaushe kabisa, maana maji yakibaki mafuta yatakurukia.

Ya tatu ni chakula chenyewe kuwa na maji mengi: viazi ambavyo hukuvifuta, au sambusa zilizotoka kwenye friza zina barafu juu. Futa viazi kwa kitambaa. Kung'uta barafu.

Kama mafuta yako ni yaliyosafishwa, karai ni safi na chakula ni kikavu, halafu povu la sabuni bado linatanda, basi hakuna cha kutafuta zaidi. Ni mafuta.

MOSHI NDIYO HAKIMU

Mafuta mengi yaliyosafishwa, yakiwa mapya, yanavumilia nyuzi joto 200 na zaidi ndipo yaanze kutoa moshi. Kukaanga kwetu kunataka nyuzi kati ya 160 na 180. Kwa hiyo mafuta mazima kwenye moto sahihi hayatoi moshi. Ukiona moshi, kuna mambo mawili tu: ama moto umezidi, ama mafuta yamekwisha.

Utayatenganishaje bila kipimajoto? Tumia mwiko wa mti uliokauka. Ingiza ncha yake kwenye mafuta. Mapovu madogo yakianza kutoka taratibu kuzunguka ncha, joto linatosha kuanza kukaanga. Yakitoka kwa fujo, moto umezidi, punguza. Njia nyingine ni kipande cha mkate cha ukubwa wa sentimita mbili hivi: kikipata rangi ya dhahabu ndani ya dakika moja, upo kwenye nyuzi 180 au karibu yake. Kikiungua kabla ya hapo, punguza.

Sasa, kama mwiko unaonyesha joto la kawaida na tayari uzi wa moshi wa buluu unapanda, na macho yanakuwasha, usitafute ushahidi mwingine. Mafuta yanayotoa moshi kwenye joto la kukaangia yamevunjika kiasi kwamba kila unachokaanga kitanuka moshi huo. Ujerumani, wakaguzi wa chakula wanahesabu mafuta yaliyoanza kutoa moshi chini ya nyuzi 170 kuwa yameharibika. Jiko lako halina mkaguzi, lakini una macho.

Nchi nyingine zinapima pia kiasi cha vitu vilivyozaliwa na kuvunjika kwa mafuta. Ufaransa, Hispania na Ubelgiji kikomo ni asilimia 25 ya mafuta yote, na India iliweka kikomo hichohicho mwaka 2018. Vipo vipimo vya mkononi vya kupima hilo kwa kuvitumbukiza kwenye mafuta, lakini kwa mtu wa sambusa 100 kwa siku ni gharama isiyo ya lazima. Nimekutajia ili ujue kwamba "mafuta yamechoka" siyo maneno ya mtaani tu. Ni kitu kinachopimwa, kina kikomo, na kuna nchi mtu anapigwa faini kwa ajili yake.

Tahadhari moja hapohapo: mafuta yanayotoa moshi mwingi yapo jirani na kuwaka. Yakiwaka, zima jiko, funika karai kwa mfuniko wa bati au sufuria, usilisogeze, na kamwe usimwage maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kurusha moto hadi darini.

SHERIA YA DALILI MBILI

Watu wanauliza: nikaange mara ngapi ndipo nimwage? Ukweli ni kwamba hakuna namba moja. Kibanda cha chipsi kinachouza kutwa kinaongeza mafuta mapya kila saa kwa sababu chakula kinayanywa mengi. Mafuta ya pale hayakai muda mrefu. Wewe wa oda kumi kwa siku, mafuta yaleyale yanakaa wiki nzima, yanapashwa na kupoa, yanapashwa na kupoa. Mara tano zako siyo mara tano zake.

Kwa hiyo tumia dalili badala ya namba. Ziko sita: rangi nyeusi kuliko chai ya rangi kwenye ile chupa ya kioo, harufu ya kuchacha au ya samaki wakati hukukaanga samaki, uzito unaoteremka kwa uvivu, povu lisilotulia, moshi kwenye joto la kawaida, na chakula kinachoiva nje haraka huku kikivuja mafuta. Povu lisilotulia au moshi, kila moja peke yake inatosha kumwaga. Zile nyingine nne, zikikutana mbili, mwaga.

Na kuchanganya mafuta mapya na yaliyochoka hakuyaponyi. Yale mabovu yanaharakisha kuharibika kwa mapya, na kesho utakuwa umepoteza yote. Kuongeza mafuta kunafaa yakiwa bado mazima, kufidia yaliyonywewa na chakula. Hali kadhalika kukaanga kipande cha kitunguu, tangawizi au kiazi ili "kuyasafisha": harufu inapungua kidogo na makombo yananaswa, lakini kilichovunjika hakiungiki.

HESABU: UNAOKOA SHILINGI NGAPI?

Sasa tuingie mfukoni. Chukua dada anayekaanga sambusa 100 kwa siku, anauza shilingi 500 moja. Tuseme mafuta ni shilingi 7,000 kwa lita. Karai lake linachukua lita 3, na sambusa 100 zinakunywa nusu lita. Weka namba za kwako. Njia ni hiihii.

Akimwaga baada ya siku nne. Siku ya kwanza anaweka lita 3. Siku ya pili na ya tatu anaongeza nusu lita kila siku. Siku ya nne haongezi kitu, anamalizia, kwa sababu anajua jioni anamwaga. Hakuna haja ya kununua mafuta ya kwenda jalalani. Jumla amenunua lita 4, shilingi 28,000, amekaanga sambusa 400. Kila sambusa imekula mafuta ya shilingi 70.

Akiyang'ang'ania siku nane. Kuanzia siku ya tano mafuta yameshakuwa mazito, hayachuruziki, kwa hiyo sambusa 100 zinakunywa robo tatu ya lita badala ya nusu. Anaweka lita 3, anaongeza nusu lita siku ya pili hadi ya tano, robo tatu siku ya sita na ya saba, na siku ya nane haongezi. Jumla lita 6 na nusu, shilingi 45,500, sambusa 800. Kila sambusa ni kama shilingi 57.

Tofauti ni shilingi 13 kwa sambusa, yaani shilingi 1,300 kwa siku. Bei ya sambusa mbili na nusu. Kwa siku nane zote ameokoa shilingi 10,500, na kwa siku tatu au nne za mwisho amepeleka kwa wateja sambusa nyeusi zinazonuka. Mteja mmoja wa ofisini anayeagiza sambusa 50 za kikao ni shilingi 25,000 kwa oda moja tu. Akiondoka huyo, akiba yote imekwenda na imechukua zaidi.

Lakini hata hiyo shilingi 13 unaweza kuipata bila kutumia mafuta mabovu. Badilisha chombo. Chukua sufuria nyembamba yenye kina, inayofanya kazi vizuri kwa lita 2. Siku nne zilezile: lita 2 za kuanzia, nusu lita siku ya pili, nusu lita siku ya tatu, siku ya nne humalizii kwa kuongeza. Jumla lita 3, shilingi 21,000, sambusa 400. Kila sambusa ni shilingi 52 na senti. Umeona? Mafuta mazima kwenye sufuria ndogo ni rahisi kuliko mafuta yaliyochoka kwenye karai kubwa.

Ina masharti yake, tusidanganyane. Utatumbukiza sambusa chache kwa awamu, labda saba au nane badala ya kumi na tano, maana ukijaza joto linashuka na sambusa zinakunywa mafuta. Kwa hiyo utakaa jikoni muda mrefu kidogo. Na siku ya nne mafuta ni kidogo, yakague kwa mwiko na macho kabla ya kuanza. Yakionyesha dalili siku ya tatu, mwaga siku ya tatu. Hizo siku nne ni za mfano huu.

KUYAFANYA YAISHI MUDA WAKE WOTE

Kinachoua mafuta ya mtu wa oda kuliko chochote ni kupasha mara nyingi. Oda ya sambusa 10 saa 3 asubuhi, anapasha. Nyingine 20 saa 6, anapasha tena. Saa 10 jioni tena. Mafuta yamekaa kwenye moto saa nyingi kwa chakula kidogo. Panga muda. Andika kwenye tangazo lako: "Oda za mchana zinafungwa saa 4 asubuhi, za jioni saa 8 mchana." Kaanga mara mbili kwa siku, zote kwa pamoja, halafu zima. Kati ya awamu na awamu usiache moto mkubwa ukingoja simu.

Pili, mpangilio wa chakula. Kama unakaanga vitu tofauti, anza na visivyochafua: viazi au mihogo kwanza, halafu sambusa, halafu kuku wa unga, samaki mwisho kabisa. Mafuta yaliyokwishakaanga samaki yabaki ya samaki. Kung'uta unga wa ziada kwenye manda kabla hujatumbukiza, na ziba kingo vizuri. Sambusa iliyofunguka inamwaga kitunguu na maji yake yote ndani ya mafuta. Chumvi weka baada ya kutoa, siyo juu ya karai.

Tatu, kila baada ya awamu opoa makombo kwa chujio la waya. Ukimaliza, acha mafuta yapoe mpaka yawe vuguvugu, usiyamimine ya moto kwenye plastiki, kisha yachuje kwa kitambaa safi kikavu. Yaweke kwenye chombo chenye mfuniko, kilichojaa ili hewa iwe kidogo, mahali penye giza na mbali na jiko. Kuyaacha ndani ya karai la chuma wazi usiku kucha ni kuyachachisha kwa makusudi: chuma na hewa vyote vinafanya kazi ukiwa umelala. Bandika karatasi yenye tarehe uliyofungua na siku ulizokaangia.

Mafuta ya mawese yaliyosafishwa yanavumilia kukaanga kuliko ya alizeti, kwa hiyo ukitumia hayo huenda ukapata siku zaidi. Kukiwa na baridi yanaganda na kuwa meupe chini. Hayo hayajaharibika, ni tabia yake, yakipata joto yanarudi.

UKISHAAMUA KUMWAGA

Yaache yapoe kabisa. Usiyamwage kwenye sinki wala kwenye mtaro. Yataganda na taka na kuziba bomba, na gharama ya fundi ni kubwa kuliko lita mbili za mafuta. Yatie kwenye chupa au dumu bovu, funga, yaende na taka. Kama kuna mtengeneza sabuni wa kuaminika mtaani kwako anayeyahitaji, mpe yaliyochujwa.

Ila usimuuzie wala kumpa mtu wa kuyakaangia tena. Na wewe usinunue yale ya bei ya kutupa yanayotoka jikoni kwa watu wengine. Hujui yamekaa kwenye moto saa ngapi wala yamekaanga nini. Mafuta yaliyochujwa vizuri yanaweza kung'aa kwenye dumu huku yameshakwisha. Ukiyapasha tu, povu na moshi vitakusimulia habari yote, na hapo hela yako imeshakwenda.

Kesho asubuhi kabla hujawasha jiko, anza na zile chupa mbili za kioo. Na kama unakaanga kitu kingine, vitumbua, mihogo au kuku, tuandikie kwenye komenti karai lako linachukua lita ngapi na unaongeza kiasi gani kwa siku. Tutafanya hesabu yako pamoja hapahapa.